Nani alisema ni kosa? Kihusishi cha Dryden na 'kwa meza' yetu

Walimu wawili wa shule moja ya sekondari wamenitwika mzigo wa ubishi wao. Mmoja anafundisha Kiingereza, naye humkata mwanafunzi nusu alama kila anapomaliza sentensi kwa kihusishi. Mwenzake anafundisha Kiswahili, naye humkata mwanafunzi anayeandika kwamba kitabu kiko 'kwa meza'. Siku moja katika chumba cha walimu kila mmoja alimwuliza mwenzake swali ambalo wanafunzi wao hawathubutu kuuliza: wewe nani amekwambia hilo ni kosa? Mwalimu wa Kiingereza alisema ndivyo alivyofunzwa. Mwalimu wa Kiswahili alisema vivyo hivyo. Basi wakaniandikia.

Wanaisimu hutenganisha sarufi za aina mbili. Sarufi elekezi humwambia mtu aseme nini na aache nini. Sarufi fafanuzi hueleza wazungumzaji wa lugha wanasema nini hasa, na kwa utaratibu gani. Watu wengi wameusikia utengano huu na wakaelewa kwamba upande mmoja ni wa askari na mwingine ni wa wale wanaosema 'kila kitu sawa tu'. Sivyo. Nitafuata historia ya kanuni moja tu, ile ya mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu ni miongoni mwa kanuni chache ambazo tunaweza kuzifuata karibu hadi mlangoni pa aliyezivumisha. Kisha nitarudi kwenye meza yetu.

Kwanza tuielewe kanuni yenyewe. Safu hii ni ya Kiswahili, kwa hivyo nitaazima mpangilio wa Kiingereza na kuuvisha maneno yetu. Mwingereza akitaka kusema 'mtu niliyezungumza naye', ana njia mbili. Ya kwanza ni kama kusema 'mtu niliyezungumza na', akiiacha ile 'na' ikining'inia mwisho bila kitu mbele yake. Ya pili ni kama kusema 'mtu na ambaye nilizungumza', yaani kihusishi kinavutwa mbele kikakae kabla ya kirejeshi. Kanuni ya mwalimu wetu inasema njia ya kwanza ni kosa na ya pili ndiyo sahihi.

Bila shaka umeshaona, msomaji, kwamba katika Kiswahili njia zote mbili haziwezekani. Hakuna Mswahili, awe wa Lamu, wa Unguja, wa Lubumbashi au wa Gikomba, anayesema 'mtu niliyezungumza na' akanyamaza. Sio kwamba alipigwa kiboko shuleni akaacha. Hata mtoto wa miaka minne anayezungumza Kiswahili nyumbani hasemi hivyo, na hakuna aliyemkataza. 'Na' yetu inadai kubeba kitu: naye, nacho, nao. Hii ni kanuni ya sarufi fafanuzi, na angalia jinsi ilivyo kali kuliko kanuni yoyote ya mwalimu. Wanaodhani ufafanuzi ni ulegevu hawajawahi kujaribu kuvunja kanuni ya aina hii mbele ya wasikilizaji.

Kanuni ya Kiingereza ni ya jinsi nyingine kabisa. Mtoto wa Kiingereza huacha kihusishi mwisho tangu anapoanza kuunda sentensi za namna hiyo, na wazazi wake, na mababu wa mababu zake. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, palikuwa na kirejeshi kifupi kisichobadilika umbo, na kila kilipotumika, kihusishi kilibaki nyuma. Ndio uliokuwa utaratibu wa lugha. Njia ya pili, ya kuvuta kihusishi mbele, nayo ilikuwapo, lakini pamoja na virejeshi vya aina nyingine. Chaucer aliacha vihusishi mwisho, na Shakespeare pia. Sasa kosa lilitoka wapi?

Aliyelitangaza kwa sauti iliyosikika ni John Dryden, mshairi rasmi wa mfalme tangu 1668. Mwaka 1672 Dryden alichapisha insha ya kutetea madai yake kwamba lugha ya kizazi chake ilikuwa imetakata kuliko lugha ya akina Shakespeare na Ben Jonson. Alihitaji ushahidi, basi akachukua tamthilia ya Jonson ya mwaka 1611 kuhusu Catiline, yule Mroma aliyekula njama dhidi ya dola, akaipekua kama mtahini mwenye kalamu nyekundu. Akafika kwenye mstari unaozungumzia miili ambayo roho zake zilitishwa zikatoka, na kihusishi cha 'kutoka' kiko mwishoni. Dryden akasema hilo ni kosa analolitenda Jonson mara kwa mara, na akaongeza kwamba amelitambua hivi karibuni hata katika maandishi yake mwenyewe.

Jonson alikuwa amekufa tangu 1637, hivyo hakujibu. Lakini kuna jambo linalonishangaza kila nisomapo insha ile: Dryden hakutoa sababu yoyote. Hakusema sentensi ya namna hiyo haieleweki, wala kwamba inaleta utata. Alisema ni kosa, akaendelea na safari yake.

Sababu inabidi tuibahatishe, na kidokezo kinatoka kwa Dryden mwenyewe. Mwaka 1679, katika maneno ya kuitabaruku tamthilia yake kuhusu Troilo na Kresida, alieleza kwamba mara nyingi hukwama asijue kama alichoandika ni nahau halali ya Kiingereza au ni sarufi mbovu, na kwamba hana njia nyingine ya kuondoa shaka ila kuitafsiri sentensi yake kwa Kilatini, aone kama itasimama. Hapo ndipo penye fundo. Katika Kilatini, kama ilivyo katika Kiswahili, kihusishi hakiachwi peke yake mwishoni. Hata jina la Kilatini la aina hiyo ya neno maana yake ni 'kilichowekwa mbele'. Ukimpima Mwingereza kwa mizani ya Kilatini, atapungua. Ukimpima kwa mizani ya Kiswahili atapungua pia. Lakini mbona tumpime kwa mizani hizo? Hatumpimi mvuvi kwa idadi ya ng'ombe wake.

Dryden hakuwa mnafiki. Insha yake kubwa kuhusu utanzu wa tamthilia, iliyotoka 1668, ilikuwa na vihusishi vilivyoning'inia. Alipoitoa tena mwaka 1684 aliipitia akavivuta vihusishi vile mbele, sentensi baada ya sentensi. Wachunguzi wa fasihi wameyalinganisha matoleo hayo mawili, na mabadiliko yanaonekana wazi. Hebu tutue hapo kidogo. Mwandishi mahiri kuliko wote wa nathari ya Kiingereza katika zama zake aliandika kwa namna moja alipokuwa akiandika kwa masikio yake, kisha akairekebisha kazi ile ile kwa namna nyingine alipoanza kuisoma kwa macho ya Kilatini. Toleo lipi ndilo ushahidi wa Kiingereza? Mimi nasema la kwanza. La pili ni ushahidi wa Dryden.

Karne moja baadaye kanuni hii iliingia darasani, na hapa kuna mtu aliyesingiziwa. Robert Lowth alikuwa profesa wa ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford, bingwa wa Kiebrania, na hatimaye askofu wa London. Mwaka 1762 alitoa kitabu kifupi cha sarufi ya Kiingereza. Vitabu vingi vya siku hizi humtaja kuwa ndiye aliyepiga marufuku kihusishi cha mwisho. Ukikifungua kitabu chenyewe hukuti marufuku. Lowth anasema huo ni mtindo ambao Kiingereza kinauelekea sana, kwamba umetawala katika mazungumzo ya kawaida na unaifaa sana lugha ya kirafiki, ila kuvuta kihusishi mbele kunapendeza zaidi na kunakaa vizuri zaidi katika uandishi wa hadhi. Na katika kusema kwamba Kiingereza kinauelekea mtindo huo, aliacha kihusishi chake mwishoni! Wengine wanadhani alijisahau. Mimi naona askofu alikuwa akitabasamu.

Hayo ya Lowth si amri. Ni ushauri kuhusu rejista: hivi kwa baraza, vile kwa hadhara. Hakuna mfafanuzi wa lugha wa leo ambaye angekosana naye sana.

Aliyekuja kuukaza ushauri huo ni Lindley Murray, wakili Mmarekani aliyehamia Uingereza na kuandika sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana mjini York. Kitabu chake kilitoka 1795, kikachapishwa upya mara nyingi mno pande zote mbili za Atlantiki, kikafuata bendera ya Uingereza kwenda makoloni. Murray alinakili mengi kutoka kwa Lowth, pamoja na sentensi ile. Lakini alipoifikia aliisahihisha, akakivuta kihusishi cha askofu mbele. Tabasamu likafutwa, ikabaki kanuni. Kutoka vitabu vya aina ya Murray hadi vitabu vya shule za kikoloni, na kutoka huko hadi kwa mwalimu wetu na nusu alama zake, hatua si nyingi.

Sasa tuijaribu kanuni yenyewe kwa kuitii. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza daima: ukitaka kujua kama kanuni ni ya lugha au ni ya mtu, itii kikamilifu uone ni nini kitavunjika. Kiingereza bado kina kirejeshi kifupi, mrithi wa tabia ya kile cha kale, ambacho hakikubali kihusishi mbele yake hata kidogo. Ukilazimisha, unapata sentensi ambayo hakuna Mwingereza yeyote aliyewahi kuisema. Kisha kuna kauli ya kutendwa. Sisi tunasema 'alichekwa', basi. Kiingereza kinasema kitu kama 'alichekwa kwa', kihusishi kikiwa mkiani, na hakuna mahali pengine pa kukipeleka. Kisha kuna mambo kama 'kiti cha kukalia'. Kiswahili kimekimeza kihusishi ndani ya kitenzi: kukaa, kukalia. Kiingereza hakina kauli ya kutendea, kwa hivyo kinasema kitu kama 'kiti cha kukaa juu ya'. Mtii wa kanuni ambaye hataki kuligeuza jambo hilo mpaka lisitambulike hana pa kukimbilia.

Kuna mzaha maarufu wa sentensi ya Kiingereza iliyopindapinda ili kukwepa kihusishi cha mwisho, na watu humbambikia Winston Churchill. Hakuna ushahidi kwamba aliitunga yeye. Lakini mzaha wenyewe una kazi: unaonyesha kwamba kanuni hii, ikifuatwa mpaka mwisho, inavunja Kiingereza badala ya kukilinda. Henry Fowler, ambaye hakuwa mtu wa kuachilia makosa, aliandika mwaka 1926 kwamba hiyo ni imani ya kishirikina tu. Basi mwalimu wa Kiingereza awarudishie wanafunzi nusu alama zao. Akitaka, awaambie alichosema Lowth: katika barua rasmi, kihusishi kikiwa mbele huleta uzito. Ni ushauri mzuri. Haustahili kalamu nyekundu.

Kabla sijaliacha suala hili, niseme kwamba mzuka wa Dryden umepita hata kwetu. Katika nyaraka zilizotafsiriwa utakutana na virejeshi vya namna hii: 'sheria ambayo kwayo mtu anashtakiwa', 'kisu ambacho kwacho nyama ilikatwa'. Si makosa, 'kwayo' na 'kwacho' ni maneno halali, na yanabeba kitu kama Kiswahili kinavyotaka. Lakini mpangilio huo, wa kihusishi kuruka mbele kikasimama karibu na kirejeshi, nashuku umetoka kwenye Kiingereza cha heshima cha akina Murray. Kiswahili chenyewe kina dawa fupi: kisu kilichokatiwa nyama. Na kwa mahali tuna utajiri ambao Mwingereza angeuonea wivu: nyumba alimozaliwa, mji alikozaliwa, pale alipozaliwa. Mahali na kirejeshi vimo ndani ya kitenzi kimoja, wala hakuna kihusishi cha kugombania.

Haya, 'kwa meza'.

Kwa kuwa nimemvua Dryden nguo, huenda msomaji anatarajia nimvue mwalimu wa Kiswahili vilevile. Polepole. Kesi hizi mbili zinafanana kwa juu juu tu. Kiingereza kina mwandishi mwingine ambaye atatusaidia, George Campbell, kasisi Mskoti wa Aberdeen. Katika kitabu chake cha falsafa ya balagha cha mwaka 1776 aliuliza swali hili hili: tukisema matumizi ndiyo hakimu wa lugha, ni matumizi ya nani? Akajibu kwa vigezo vitatu. Yawe matumizi ya sasa, si ya mababu waliokwisha kusahauliwa. Yawe ya taifa zima, si ya mtaa mmoja au fani moja. Yawe ya kuheshimika, yaani yapatikane kwa waandishi ambao wengi wanawakubali. Campbell mwenyewe hakuvifuata vigezo vyake kila mara, maana kasisi ni binadamu, lakini sijaona mizani bora kwa watu wasio wataalamu.

Kihusishi cha mwisho katika Kiingereza kinapita vigezo vyote vitatu bila kusitasita: ni cha sasa, ni cha Waingereza wote, na Shakespeare ni shahidi. Tuiweke sasa 'kwa meza' kwenye mizani hiyo hiyo.

Ni ya sasa? Naam. Panda matatu yoyote jijini Nairobi uhesabu. Watu wako 'kwa gari', pesa ziko 'kwa simu', mtoto yuko 'kwa nyumba'. Na usidhani ni vurugu. Kiswahili cha bara kina utaratibu wake. Katika Kiswahili sanifu, 'kwa' ya mahali humtaka mtu: nimetoka kwa Juma, naenda kwa daktari. Vitu hupewa '-ni' au hutanguliwa na 'katika', 'kwenye', 'juu ya' na kadhalika. Kisha '-ni' ina madai yake, kwani inabadilisha upatanisho wote: nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu, meza kubwa, lakini mezani pakubwa. Msemaji wa bara ameuangusha mfumo huo mzima wa ngeli ya mahali. Anabaki na 'nyumba yangu' popote aendapo, kisha anaipa 'kwa' kazi ya kuonyesha mahali pote, pa mtu na pa kitu. 'Kwa nyumba yangu.' Hakosei nasibu. Hawezi kusema 'kitabu kiko meza kwa', wala 'kiko kwa mezani' haimtoki kwa urahisi. Ana kanuni, na mtafiti anaweza kuiandika kwa mistari miwili. Kwa hivyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi 'hiyo si lugha' anasema uongo, na mwanafunzi anaujua ni uongo kwa sababu mama yake huzungumza hivyo kila siku.

Ni ya taifa zima? Hapa mizani inaanza kuinama. Kiswahili si mali ya taifa moja. Ukiandika 'kitabu kiko kwa meza', msomaji wa Tanga au wa Unguja atasimama, na wa Mombasa pia. Na si suala la ladha pekee. Chukua sentensi 'Piga msumari kwa ubao.' Fundi wa Kariobangi atachukua nyundo autie msumari ndani ya ubao. Fundi wa Unguja atatafuta ubao wa kugongea msumari, kwa kuwa kwake 'kwa' mbele ya kitu huonyesha chombo: kata kwa kisu, piga kwa nyundo. Sentensi moja, kazi mbili tofauti. Hilo ni jambo ambalo Dryden hakuweza kulionyesha dhidi ya Jonson. Hakuna Mwingereza aliyewahi kukosa kumwelewa mwenzake kwa sababu ya kihusishi cha mwisho.

Ni ya kuheshimika? Katika mazungumzo ya wahusika wa riwaya na tamthilia za Kenya, ndiyo, tena inawapa uhai. Katika sauti ya msimulizi, katika tahariri, katika vitabu vya kiada, la. Waandishi wetu wakubwa, wa pwani na wa bara, wanaiepuka wanapoandika kwa jina lao.

Hivyo 'kwa meza' inapita kigezo kimoja na kuanguka viwili. Uamuzi wangu ni kwamba mwalimu wa Kiswahili ana haki ya kuisahihisha katika insha, lakini sababu anayoitoa lazima ibadilike. Asiseme Kiswahili hakisemi hivyo. Aseme: insha hii imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na Kiswahili sanifu husema mezani, au juu ya meza. Na mwanafunzi akiandika mazungumzo ya makanga na abiria, amwache makanga wake aseme 'ingia kwa gari'. Makanga akisema 'ingieni garini tafadhali' hiyo nayo ni kosa, kosa la kumsingizia mtu maneno asiyoyasema.

Najua swali litakalofuata, maana nimeulizwa na wanafunzi wangu wa uzamili mara nyingi: huo usanifu wenyewe si ulitungwa na Waingereza? Kwa nini tumcheke Dryden na tumsujudie huyo aliyetuchagulia Kiunguja?

Swali ni la haki. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akasoma lugha kwa Wamvita, na aliona Kimvita ndicho Kiswahili bora. Edward Steere alikuwa Unguja, na kitabu chake cha sarufi kilichotoka 1870 kilikuwa cha Kiunguja. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana, tena Mombasa kwenyewe, wakakubaliana kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa lugha ya vitabu vya shule. Kamati ya Lugha ya nchi zote ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo 'njia' ikawa sahihi vitabuni na 'ndia' ya Mombasa ikabaki nje. Je, 'ndia' ilikuwa kosa? Haikuwa kosa hata siku moja. Ilishindwa katika uchaguzi ambao wenye lugha hawakupiga kura.

Lakini tofauti na Dryden ipo, nayo ni muhimu. Kamati ilichagua kati ya lahaja mbili zilizo hai. Umbo lililochaguliwa lilikuwa linazungumzwa na watu halisi, mitaani kwao, kabla kamati haijaketi. Na ulikuwa uchaguzi wa wazi, wenye tarehe na shabaha: mtoto wa Kisumu na wa Mwanza wasome kitabu kimoja. Dryden hakuchagua kati ya Kiingereza cha London na cha York. Alileta utaratibu wa lugha nyingine kabisa akauita usahihi. Sarufi elekezi ya aina ya kwanza ni mapatano, na mapatano yanaweza kujadiliwa upya tukitaka. Nani ajuaye, labda miaka hamsini ijayo watu watakaa tena, 'kwa meza' ikiwa imeshaingia katika vitabu vya waandishi wa heshima kutoka Nairobi hadi Dodoma, na atakayeandika safu hii wakati huo atanicheka mimi. Aina ya pili haijadiliki, kwa kuwa haikiri kwamba kuna mtu aliyeiamua.

Kwa walimu wangu wawili, basi, jibu halifanani. Wa Kiingereza anatetea kanuni ambayo wenye lugha hawajapata kuifuata na ambayo lugha yenyewe haiwezi kuitii. Wa Kiswahili anatetea mapatano, na yanatetewa vizuri zaidi yakiitwa kwa jina lake.

Walikuwa na swali la tatu, nalo limewatenganisha kuliko haya mawili: ni 'rafiki yangu' au 'rafiki wangu'? Hapo mtu, ngeli na mazoea ya pwani vinavutana kwa namna ambayo kihusishi hakiijui. Nitalichukua juma lijalo.